Kabla ya viza ya Australia: kwa nini muuguzi husajiliwa kwanza na fundi umeme hupata leseni mwisho

Muuguzi aliyesoma Kenya na fundi umeme aliyesoma Tanzania, wote wakitaka kuhamia Australia kwa viza ya wataalamu, hukutana na msitu wa vifupisho: AHPRA, NMBA, ANMAC, TRA, OSAP, SkillSelect. Kila ofisi ina ada yake, na karatasi zinazodaiwa zinafanana kiasi cha mtu kudhani kwamba akishakubaliwa na moja, zilizobaki ni kugonga mihuri tu. Dhana hiyo huwagharimu watu fedha nyingi na miaka ambayo hairudi.

Ukweli ni kwamba yapo maswali matatu, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza: je, elimu na uzoefu wa mtu huyu vinalingana na kazi iliyotajwa kwenye orodha ya uhamiaji? Hili hujibiwa na taasisi ya tathmini, yaani ANMAC kwa wauguzi na wakunga, na TRA kwa mafundi walio wengi. La pili: je, mtu huyu anaruhusiwa kisheria kumhudumia mgonjwa au kufunga umeme ndani ya Australia? Hili ni la mdhibiti wa taaluma. La tatu: je, apewe viza? Hili ni la Idara ya Mambo ya Ndani ya Australia. Anayejibu ndiyo kwa swali moja hamfungi yeyote kati ya wengine wawili.

Kinachowachanganya watu zaidi ni utaratibu wa maswali hayo. Kwa muuguzi aliyesoma Afrika Mashariki, swali la pili hutangulia: lazima akubaliwe na mdhibiti ndipo ANMAC imwandikie barua. Kwa fundi umeme mambo yamegeuka: anapimwa akiwa bado nje ya nchi, anapata viza, kisha leseni kamili anaitafuta akiwa tayari Australia. Anayefuata ushauri wa jirani aliye katika fani nyingine ataanza mahali pasipo pake.

Viza tunazozungumzia ni tatu zinazotumia alama: 189, ambayo haihitaji mdhamini, 190, inayohitaji uteuzi wa jimbo, na 491, ya muda, kwa maeneo yaliyo nje ya miji ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Mwombaji huandika taarifa zake katika mfumo wa mtandaoni uitwao SkillSelect, anasubiri mwaliko, na akialikwa ana siku 60 za kuwasilisha ombi kamili. Barua ya tathmini lazima iwe imeshatolewa siku ya mwaliko. Ikiwa na tarehe ya kesho yake tu, ombi hukataliwa, na ada ya viza, ambayo ni maelfu ya dola, hairudishwi.

Muuguzi: anza na mdhibiti

Usajili wa wauguzi Australia ni wa kitaifa. Baraza linaloweka masharti ni NMBA, na chombo kinachopokea maombi na kutunza rejista ni AHPRA. Hatua ya kwanza ni kujipima mtandaoni kwenye tovuti ya AHPRA. Mfumo huuliza ulisoma wapi, kiwango gani, umesajiliwa wapi, kisha unakupanga katika mmojawapo wa mikondo mitatu. Mkondo A ni wa wale ambao elimu yao inahesabiwa kuwa sawa na ya Australia. Hao huomba usajili moja kwa moja. Mkondo B ni wa wenye elimu inayohusika na taaluma lakini isiyothibitika kuwa sawa. Hao hufanya mitihani. Mkondo C ni wa wale ambao elimu yao haifiki, na hutakiwa kuiongeza kabla ya jambo jingine lolote.

Tuchukue muuguzi mmoja wa mfano. Ana miaka 32, alisoma diploma ya uuguzi ya KRCHN katika chuo cha KMTC nchini Kenya, na amefanya kazi miaka 6 katika hospitali ya kaunti. Kazini ni hodari, pengine anasimamia wodi. Akijipima, ategemee Mkondo C. Sababu haihusiani na uhodari wake: Australia humsajili muuguzi wa daraja la Registered Nurse kwa kiwango cha digrii ya kwanza, na diploma yake, hata kama ndani yake kuna uuguzi, ukunga na afya ya jamii, iko chini ya ngazi hiyo. Barua nzuri ya mwajiri haibadilishi jibu hilo. Wapo wanaorudia kujipima kwa kubadilisha majibu ili mfumo uwapitishe. Majibu yale yatalinganishwa na vyeti vyenyewe baadaye, na hapo mtu anakuwa na tatizo la ukweli juu ya tatizo la elimu.

Anachoweza kufanya ni kusoma digrii ya kujiendeleza, ile inayowapokea wenye diploma katika vyuo vikuu vya nchini. Kabla ya kulipa karo ahakikishe mambo mawili. Moja, programu hiyo imeidhinishwa na baraza la wauguzi la nchi yake, kwa sababu digrii ambayo mdhibiti wa nyumbani haitambui haitatambuliwa ugenini. Pili, chuo kitaweza kutoa nakala rasmi ya matokeo inayoonyesha saa za nadharia na saa za mafunzo ya vitendo wodini. Vyuo vingi huandika jina la somo na daraja peke yake, na kuomba saa hizo miaka mitano baada ya kuhitimu ni kazi ngumu kuliko kuziomba siku ya mahafali.

Akishakuwa na digrii anaweza kuingia Mkondo B. Hapo ngazi ni mbili. Ya kwanza ni mtihani wa kompyuta wa NCLEX-RN, uleule unaotumika Marekani. Una maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa 5, na kompyuta huongeza au kupunguza ugumu kulingana na unavyojibu. Aliyezoea mitihani ya kukariri hushangaa, maana maswali karibu yote huuliza ufanye nini kwanza, ukimwona nani kwanza, na kwa nini. Ya pili ni OSCE, mtihani wa vitendo unaofanyika Australia yenyewe, kwa hiyo inabidi kuomba viza ya kuingia kwa ajili ya mtihani, kulipa nauli, na kulipa ada ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa dola 4,000 za Australia.

OSCE ni mzunguko wa vituo vifupi, kila kimoja kikiwa na mgonjwa wa kuigiza na mtahini anayeandika. Wanaoanguka mara nyingi hawakosi maarifa ya ugonjwa. Wanakosa mambo ambayo katika wodi yenye wagonjwa arobaini mtu hujifunza kuyaruka: kunawa mikono kila unapomkaribia na kumwacha mgonjwa, kumtambua kwa vitambulisho vitatu kabla ya dawa, kuuliza mzio hata kama umeandikwa kwenye faili, kumweleza unachotaka kufanya na kusubiri akubali. Makabidhiano nayo hufuata mpangilio wa ISBAR: wewe ni nani, hali ikoje sasa, historia, ulichopima, unachopendekeza. Haya yanahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya kusema kwa sauti, siyo kusoma tu.

Sambamba na mitihani kuna karatasi, na mbili huleta shida kuliko nyingine. Cheti cha hadhi njema hutakiwa kutumwa na baraza la nyumbani moja kwa moja kwa AHPRA, si kupitia mkono wa mwombaji, na kiwe hakijazidi miezi 3 tangu kutolewa. Anayekiomba mapema ili "awe tayari" hukiomba mara mbili. Kingine ni majina. Cheti cha shule kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, pasipoti ina la ndoa. Kwa mkaguzi aliye mbali hao ni watu watatu. Hati ya kiapo au ya kubadili jina, pamoja na cheti cha ndoa, iunganishe majina yote kwenye faili kuanzia mwanzo.

NMBA pia hutaka uthibitisho kwamba hujaiacha kazi: angalau saa 450 za uuguzi ndani ya miaka 5 iliyopita. Anayeacha wodi ili asome digrii kwa muda wote, kisha akasubiri mitihani, anaweza kujikuta saa zake zimezeeka. Zamu za muda, zilizo na barua inayotaja saa, zinatosha kumwokoa.

Mlango uliofunguliwa mwaka 2025

Tangu Aprili 2025 iko njia fupi kwa wauguzi waliokwisha kufanya kazi katika nchi ambazo NMBA inaziona zinalingana na Australia: Uingereza, Ayalandi, Marekani, Singapuri, Hispania, pamoja na majimbo ya British Columbia na Ontario nchini Kanada. Muuguzi aliyesajiliwa huko na kufanya kazi angalau saa 1,800 tangu Januari 2017 anaweza kuomba usajili bila kupita NCLEX wala OSCE ya Australia, hata kama masomo yake ya awali aliyapata kwingine na kule alisajiliwa kwa kufanya mtihani wa nchi ile.

Kwa Wakenya waliokwenda Uingereza, ambako nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021, jambo hili lina uzito mkubwa. Saa 1,800 kwa wiki ya kazi ya saa 37.5 ni wiki 48. Lakini zinahesabiwa saa ulizofanya ukiwa muuguzi mwenye usajili. Miezi ya kufanya kazi kama msaidizi wa huduma huku ukisubiri namba ya usajili haiingii, na barua ya mwajiri isiyotenganisha vipindi hivyo viwili itaulizwa. Omba barua itaje tarehe ulipoanza kazi ya usajili, saa kwa wiki na wodi uliyokuwa.

Waliofanya kazi Oman, Saudia au Falme za Kiarabu wasijidanganye: nchi hizo hazimo kwenye orodha. Saa za huko zinasaidia kuonyesha kwamba mtu hajaiacha taaluma, na zinaweza kusaidia katika alama za viza, lakini hazimwepushi na mitihani.

Barua ya ANMAC na hesabu ya alama

Aliyekwisha kusajiliwa Australia huomba ANMAC tathmini iliyofupishwa, kwa kuwa elimu yake imeshachunguzwa na AHPRA. Anachagua namba ya kazi kutoka orodha ya ANZSCO: muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani ni 254418, wa dharura na wagonjwa mahututi ni 254415, wa thieta ni 254423. Uchaguzi usifanywe kwa kusikia kwamba namba fulani inaalikwa sana. Barua za kazi zitasomwa kwa namba hiyo, na aliyekaa miaka yote wodi ya wazazi hawezi kuwa muuguzi wa thieta kwa sababu alisaidia operesheni chache.

Sasa tumrudie muuguzi wetu. Amesoma digrii miaka 2, akafanya kazi miaka 2 zaidi huku akimaliza mitihani. Ana miaka 36. Umri wa 33 hadi 39 una alama 25. Angekuwa bado 32 zingekuwa 30. Digrii ina alama 15. Hajaoa wala kuolewa, alama 10. Kiingereza, tuseme ana 7 katika kila sehemu ya IELTS, alama 10. Jumla 60, na chini ya 65 hakuna mwaliko. Zimebaki alama za uzoefu wa nje ya Australia: miaka 3 hupewa 5, miaka 5 hupewa 10, miaka 8 hupewa 15, yote ikiwa ndani ya miaka 10 iliyopita.

Yeye huhesabu miaka ya diploma, ile ya masomo ambayo aliendelea na kazi, na miwili ya mwisho, akajiandikia 15. Hapa ndipo hatari ilipo. Idara huhesabu uzoefu tangu siku mtu alipofikia kiwango cha ujuzi wa kazi aliyoitaja, na kiwango kilichoandikwa kwa muuguzi huyo ni digrii. Afisa anaweza kuanza kuhesabu siku ya digrii, akapata miaka 2, na miaka 2 haina alama hata moja. Aliyealikwa kwa alama 75 anabaki na 60, na ombi linaanguka, kwa sababu alama ulizoalikwa nazo lazima zithibitike. Njia salama ni kuomba ANMAC ile tathmini inayojumuisha uzoefu wa kazi, kisha kudai miaka iliyotajwa kwenye barua na si zaidi. Akidai sifuri kwa uzoefu, bado ana pa kwenda: uteuzi wa jimbo kwa viza 190 humwongezea 5 akafika 65, na ule wa 491 humwongezea 15 akafika 75. Tena 65 ni sakafu tu; wanaoalikwa mara nyingi wana zaidi ya hapo.

Kiingereza nacho kina mtego wake. Tangu Machi 2025, AHPRA inakubali 6.5 kwenye sehemu ya kuandika ya IELTS, ilimradi sehemu nyingine na wastani ziwe 7. Nafuu hiyo ni ya usajili peke yake. Katika hesabu ya viza, 6.5 kwenye kuandika maana yake hujafika daraja la alama 10, na unapata sifuri. Matokeo hayohayo yanamfurahisha muuguzi katika ofisi moja na kumwangusha katika nyingine. Muda wake pia hutofautiana, kwa bahati mbaya: AHPRA kwa kawaida hutaka matokeo ya miaka 2 iliyopita, uhamiaji huangalia miaka 3 kabla ya mwaliko.

Fundi umeme: kupimwa mikono na karatasi

Msomaji wa Tanzania aanze kwa kutenganisha majina: TRA ya hapa ni Trades Recognition Australia, siyo Mamlaka ya Mapato. Tovuti yake huuliza kazi na pasipoti, kisha hukuelekeza kwenye mpango unaokuhusu. Kazi zinazohitaji leseni, kama fundi umeme wa kawaida mwenye namba 341111, hupitia OSAP. Katika mpango huo TRA haikupimi yenyewe; hupimwa na taasisi ya mafunzo iliyoidhinishwa, mojawapo ikiwa VETASSESS.

Upimaji una sehemu mbili. Kwanza faili husomwa: mafunzo, ajira na ushahidi wa kazi zenyewe. Faili likipita, fundi anahojiwa na mtaalamu wa umeme na kufanya kazi kwa mikono mbele yake. Wapo wasiofika sehemu ya pili. Faili ndilo linalowakwamisha, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu mafundi wengi wa kwetu wana mikono mizuri kuliko karatasi zao.

Chukua fundi wa Mwanza mwenye cheti cha NVA ngazi ya III kutoka VETA na miaka 6 ya kazi: 3 ya kuajiriwa kwenye kampuni ya ujenzi, 3 ya kujitegemea. Miaka ya ajira ina barua moja isemayo "alikuwa fundi umeme mwaminifu na mchapakazi". Barua hiyo haimsaidii. Inayotakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo, itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, cheo, na kazi zenyewe: alivuta waya za aina gani, majengo gani, alifunga ubao wa saketi breka wa njia ngapi, mota, majaribio kabla ya kuwasha. Aliyesaini aandike cheo na namba ya simu, kwa sababu atapigiwa. Na kazi hizo zisinakiliwe neno kwa neno kutoka maelezo ya ANZSCO. Wapimaji wanayajua maelezo hayo kwa moyo. Wakiyakuta kwenye barua ya kampuni ya Mwanza wanajua nani kaandika.

Kisha malipo. Tathmini huhesabu kazi ya kulipwa tu, na hulinganisha barua na ushahidi wa mtu wa tatu: taarifa ya michango ya NSSF, hati za mshahara, makato ya kodi, taarifa ya benki. Nchini Kenya fomu ya P9 ya kila mwaka ni ushahidi mzuri sana, na watu huitupa. Mafunzo ya vitendo ya chuoni bila malipo hayaingii kwenye miaka ya ajira. Kwa ile miaka 3 ya kujitegemea, fundi wetu aliyelipwa fedha taslimu anahitaji kujenga picha kutoka vipande: usajili wa biashara, leseni ya EWURA, ankara, risiti za duka la vifaa, fedha zinazoingia benki au kwenye simu, barua za wateja zenye anwani ya jengo. Asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo ahesabu kwamba miaka hiyo haitahesabiwa, na akusanye ushahidi kuanzia leo ili aombe baadaye.

Picha na video nazo hutakiwa. Iliyo nzuri inaonyesha uso wa fundi, kazi anayoifanya na mahali alipo katika mfululizo mmoja: kuzima umeme na kufunga kitasa cha usalama, kuthibitisha hakuna umeme, kufunga, kupima, kuwasha. Picha ya ubao uliomalizika, hata ukiwa umepangwa kwa ustadi, haisemi nani aliupanga.

Katika mahojiano, mtihani hasa uko kwenye upimaji. Fundi aliyezoea kumaliza kazi kwa kuwasha taa na kuona zinawaka atapata tabu. Anatakiwa aeleze kwa mpangilio: mwendelezo wa waya wa ethi, ukinzani wa insulesheni, mwelekeo sahihi wa waya hai na nyutro, kitanzi cha hitilafu, na kukata kwa kifaa cha usalama. Chini ya kanuni za Australia, AS/NZS 3000, insulesheni hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu na isishuke chini ya megaomu 1 kwa saketi za kawaida, na kifaa cha kulinda watu dhidi ya mkondo unaovuja hukata kwa miliampea 30. Mwombaji hatarajiwi kuzijua kanuni zote za nchi asiyowahi kufika. Anatarajiwa kujua kila kipimo kinatafuta hitilafu gani, na afanye nini kikishindwa.

OTSR si leseni

Fundi wa kazi isiyo na leseni akipita OSAP hupewa cheti kamili cha ufundi cha Australia. Fundi umeme hapewi. Anapewa hati iitwayo OTSR, inayosema kwamba ujuzi wake umethibitishwa isipokuwa sehemu zinazohusu Australia yenyewe. Hati hiyo inatosha kwa viza. Haitoshi kugusa ubao wa umeme wa mteja bila msimamizi.

Sababu ni ya kiufundi. Australia hutumia mfumo wa MEN, ambamo nyutro huunganishwa na ethi kwenye ubao mkuu wa kila jengo. Katika mfumo huo nyutro iliyokatika au kuunganishwa vibaya inaweza kuweka umeme kwenye vyuma vyote vilivyofungwa ethi, mpaka bomba la bafuni. Aliyejifunzia mfumo mwingine anaweza kuwa fundi mzuri na bado akafanya kosa hilo moja.

Kwa hiyo, akifika, huomba kibali cha muda kutoka kwa mdhibiti wa jimbo atakalokaa, hufanya kazi chini ya fundi mwenye leseni kwa takriban miezi 12, na hujazia masomo ya mazingira ya Australia. Akimaliza hupewa cheti kamili cha ufundi umeme, UEE30820, na kwa cheti hicho ndipo huomba leseni. Apange bajeti ya mwaka huo wa kwanza kwa mshahara wa mtu anayesimamiwa. Mwajiri naye lazima akubali kumsimamia kwa maandishi, hivyo kutafuta mwajiri wa namna hiyo kuanze kabla ya safari. Akihamia jimbo jingine katikati ya mwaka, atakuta mdhibiti mwingine na fomu nyingine.

Karatasi zinapokosekana

Kampuni imefungwa, bosi amefariki, hospitali binafsi imebadilisha jina: haya hutokea, na wapimaji wanayajua. Katika hali hiyo mwombaji huandika tamko la kiapo akieleza kwa tarehe alifanya nini na wapi, na kuliambatanisha na ushahidi wa nje kama NSSF au kodi, pamoja na barua ya aliyekuwa msimamizi wake hata kama sasa yuko kwingine. Tamko peke yake ni jepesi. Likikutana na michango ya NSSF ya miezi ileile linakuwa zito.

Njia isiyofaa ni kununua barua. Sheria ya uhamiaji ya Australia ina kigezo kiitwacho PIC 4020: hati ya uongo au taarifa ya kupotosha ikigundulika, hata ile iliyotolewa kwa taasisi ya tathmini na siyo kwa idara, viza hukataliwa na mwombaji anaweza kuzuiwa miaka 3, pamoja na wanafamilia waliomo kwenye ombi. Kisingizio kwamba wakala ndiye aliyeandika hakikubaliwi kirahisi, kwa sababu saini ni yako. Kwa hiyo kabla ya wakala yeyote kuwasilisha chochote, dai nakala ya faili zima na nywila ya akaunti yako ya AHPRA, ya ANMAC au ya SkillSelect, uisome barua kwa barua, na ulinganishe tarehe zote na zile za kwenye wasifu wako. Tarehe mbili zinazopingana kwa mwezi mmoja tu zinatosha kurudisha faili nyuma.